Presha ya Saa Nane Usiku: Kuchagua Vali kwa Mji wa Mteremkoni

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro bomba la maji hupenda kupasuka watu wakiwa wamelala. Mchana koki ziko wazi, watu wanafua, wanapika, wanamwagilia bustani, na maji yanayotembea hupoteza nguvu njiani kwa kusuguana na kuta za bomba. Usiku wa manane koki zimefungwa na maji yamesimama. Hapo uzito wote wa maji yaliyojaa bombani, kutoka tangini juu hadi nyumba ya mwisho bondeni, unaiangukia ile nyumba ya mwisho. Presha hiyo ya maji yaliyosimama haijali kama bomba ni nene au jembamba, wala kama lina urefu wa kilomita 1 au 10. Inajali tofauti ya kimo peke yake: kila mita 10 za kushuka zinaongeza baa 1 hivi.

Wachaga waliochimba mifongo kuleta maji mashambani kutoka mitoni hawakukumbana na jambo hili. Maji ya mfereji ulio wazi hayajikusanyii presha. Yakishuka kwa kasi kubwa mno yanamomonyoa udongo, basi. Tatizo lilikuja na bomba, kwa sababu bomba lililofungwa pande zote linatunza kila mita ya mteremko bila kusahau hata moja. Lango la Marangu la kupandia mlima liko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ilhali Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 950 hivi. Mtu akiunganisha kimo hicho chote kwa bomba moja lisilokatwa popote, presha ya chini usiku ingekaribia baa 90. Mabomba ya plastiki yanayolazwa mitaani yametengenezwa kuhimili baa 10 au 16. Kuelea kwa tangi la choo huanza kuvuja mapema zaidi, na mpira wa koki ya kawaida haudumu ukiachwa kwenye baa 8 kila usiku.

Kuna njia mbili za kuikata presha hiyo. Ya kwanza ni tangi la kuvunja presha: maji yanamwagika kwenye tangi dogo lililo wazi kwa hewa, presha inakuwa sifuri, kisha safari inaanza upya kutoka hapo. Miradi mingi ya vijijini inayotegemea mserereko imejengwa hivyo, na ni njia nzuri pale ambapo fundi hayuko karibu. Ubaya wake ni kwamba linahitaji kiwanja, linaweza kuchafuliwa, na kuelea kwake kukikwama maji yanafurika usiku kucha bila mtu kujua. Mjini, penye nyumba zilizobanana na ardhi ya bei, huwekwa njia ya pili, yaani vali ya kupunguza presha iliyofichwa kwenye chemba chini ya barabara.

Ni hapo kwenye kuichagua ndipo makosa mengi hufanyika. Mara nyingi mtu anapima kipenyo cha bomba, anakuta milimita 150, anaagiza vali ya milimita 150 yenye uwezo wa kuhimili presha iliyopo, anaifunga, na anashangaa baada ya miezi michache inapoanza kupiga kelele. Kipenyo cha bomba hakimwambii chochote kati ya mambo matatu anayopaswa kujua: presha ya juu kabisa itakayoingia kwenye vali, mtiririko wa juu kabisa wa mchana, na mtiririko mdogo kabisa wa usiku. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo linaloua vali nyingi.

Tuitazame vali yenyewe kwanza. Zile ndogo za nyumbani zina springi inayosukuma upande mmoja na presha ya maji yaliyokwisha kupita inayosukuma upande wa pili. Ni rahisi na hazina mambo mengi, ila presha yake ya kutoka hushuka kadiri watu wanavyozidi kufungua koki. Za mitaani, kuanzia milimita 50 kwenda juu, kwa kawaida zina kiwambo kikubwa cha mpira kilichotenganisha vyumba viwili. Maji yakiingizwa juu ya kiwambo, vali inafunga, yakitolewa, inafunguka. Anayeamua yaingie au yatoke ni kivali kidogo cha kuongoza kilichofungwa pembeni kwa vijibomba vya shaba au chuma kisichoshika kutu. Kivali hicho kinanusa presha ya upande wa kutokea. Ikishuka chini ya kiasi kilichowekwa, kinaruhusu maji ya chumba cha juu yatoke, ikizidi, kinayazuia. Fundi anaweka presha anayotaka kwa kuzungusha skrubu moja ya kivali, na kama vali imechaguliwa vizuri, presha hiyo itabaki pale pale mtaa ukitumia maji mengi au kidogo.

Sasa tuchukue mtaa wa mfano, ambao nimeuunda kwa makala haya ili hesabu zake ziwe nyepesi. Maji ya tangi yako kwenye kimo cha mita 1,050. Nyumba ya juu kabisa iko mita 1,030 na ya chini kabisa mita 870. Usiku, maji yakisimama, nyumba ya chini inabeba mita 180 za maji, yaani baa 18. Hakuna koki ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na bomba la baa 16 limeshapitwa.

Kazi ya kwanza ni kuukata mteremko vipande, na inafanyika kwenye ramani kabla ya kufungua katalogi yoyote. Tuseme tunataka kila nyumba ipate angalau baa 2, ili maji yafike tangi la juu ya paa la ghorofa moja, na isipate zaidi ya baa 6. Tofauti kati ya 6 na 2 ni baa 4, na baa 4 ni mita 40 za mteremko. Kwa hiyo hakuna kipande kinachoruhusiwa kushuka zaidi ya mita 40. Kipande cha kwanza kinalishwa moja kwa moja na tangi, kuanzia mita 1,030 hadi 990. Kwenye mita 990 maji yamefikia baa 6, na hapo tunaweka vali ya kwanza inayorudisha presha hadi baa 2. Kipande cha pili kinashuka hadi mita 950, ambapo presha imepanda tena hadi baa 6, tunaweka vali ya pili. Ya tatu inakaa kwenye mita 910, na kipande cha nne kinaishia kwenye mita 870. Vali tatu, vipande vinne, na hakuna nyumba inayozidi baa 6.

Wapo watakaouliza kwa nini vali zifuatane, ya pili ikipokea maji kutoka kwa ya kwanza. Je, si bora bomba kuu lishuke peke yake toka tangini na kila kipande kijichotee kwa vali yake, ili ya juu ikiharibika wa chini wasiathirike? Hoja hiyo ina uzito, lakini tazama inamfanyia nini fundi wa vali ya tatu. Kwenye mita 910 bomba kuu litakuwa na baa 14, na vali italazimika kuzishusha hadi 2 kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni mara 7. Vali zinazofuatana zinashusha baa 6 hadi 2, mara 3 tu. Bomba kuu lenyewe nalo litabidi liwe la daraja zito zaidi, kwa kuwa huko chini linakaa na baa 14 kila usiku.

Kwa nini tofauti ya mara 3 na mara 7 iwe kubwa kiasi cha kuamua ramani nzima? Maji yakibanwa kupita kwenye mwanya mwembamba wa vali yanakimbia sana, na maji yanayokimbia presha yake hushuka. Ikishuka vya kutosha, maji yanachemka yakiwa baridi vile vile: viputo vya mvuke vinazaliwa katikati ya mkondo. Hatua chache mbele mwanya unapanuka, kasi inapungua, presha inarudi, na viputo vinabomoka ghafla. Kila kimoja kikibomoka karibu na chuma kinakichimba kidogo. Maelfu yake kwa sekunde, usiku na mchana, yanatoboa kiti cha vali na hata kifuko chake cha chuma. Anayesimama juu ya chemba anasikia mlio kama wa kokoto zinazopita bombani. Akifungua vali anaukuta uso wa chuma umejaa vishimo kama uliotafunwa, na hilo halifanani na kutu, kwa sababu kutu huenea kote ilhali vishimo hivi vinakusanyika pale tu maji yanapotokea kwenye mwanya.

Wanaofanya kazi hii wana kanuni ya haraka: usishushe presha zaidi ya mara 3 kwa vali moja ya kawaida. Ni kanuni ya kukadiria, na neno la mwisho liko kwenye mchoro wa mtengenezaji, ambao una presha ya kuingia upande mmoja na ya kutoka upande mwingine, pamoja na eneo lililotiwa rangi ambamo vali isitumiwe. Ukisoma mchoro huo utaona kwamba tatizo haliletwi na presha kubwa ya kuingia peke yake. Kushuka kutoka baa 12 hadi 6 ni salama kuliko kushuka kutoka 7 hadi 1, ingawa katika hali zote mbili zimepungua baa 6, kwa sababu presha nzuri upande wa kutokea inavinyima viputo nafasi ya kuzaliwa. Ndiyo maana nimeweka baa 2 na si 1 kwenye kila vali ya mtaa wetu. Kuna jambo dogo pia la mlimani: kwenye kimo cha mita 1,000 hewa inagandamiza kwa karibu moja ya kumi pungufu kuliko pwani, kwa hiyo mtu akijikuta ukingoni kabisa mwa eneo lililotiwa rangi, ajihesabu amekwisha kuingia ndani.

Pale ambapo ardhi hairuhusu vali zifuatane, kwa mfano kwenye genge ambapo hakuna nyumba kwa mita 100, kuna namna mbili. Vali mbili zinaweza kufungwa kwa kufuatana zikigawana mzigo, moja ikishusha baa 14 hadi 5, nyingine 5 hadi 2. Au inanunuliwa vali yenye kizimba cha chuma chenye matundu mengi madogo ndani yake, kinachoyafanya maji yagongane yenyewe kwa yenyewe katikati badala ya kugonga chuma. Vizimba hivyo vinafanya kazi vizuri kwa maji safi. Kwa maji ya kijito yanayokuja na mchanga kila masika, matundu yanaziba, na mimi ningechagua vali mbili za kawaida kabla ya kizimba kimoja kizuri.

Twende kwenye ukubwa. Tuseme vipande vitatu vilivyo chini ya vali ya kwanza vina watu 6,000, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 480. Ongeza yanayovuja, tufike 600 kwa siku, au 25 kwa saa ukigawa sawasawa. Asubuhi watu wakiamka mahitaji yanaweza kufika mara mbili yake, mita za ujazo 50 kwa saa. Usiku saa nane kinachotembea ni uvujaji na vyoo vichache, labda mita za ujazo 5.

Kila vali ina namba inayoandikwa Kv kwenye katalogi. Ni mita za ujazo zinazopita kwa saa vali ikiwa wazi kabisa na presha ikipungua kwa baa 1. Kujua unahitaji ngapi, gawa mtiririko kwa kipeuo cha pili cha presha unayotaka kuipunguza:

```
Kv = Q / √Δp
```

Asubuhi, presha ya kuingia imeshuka kidogo kwa msuguano, tuseme baa 5. Tunapunguza baa 3, na 50 gawa kwa 1.73 inatupa 29. Vali ya milimita 150 inaweza kuwa na Kv ya 400 hivi, ya milimita 80 karibu 100, ya milimita 50 karibu 40. Kila mtengenezaji ana zake. Kwa hiyo vali ya milimita 80 inalisha asubuhi yetu kwa raha na bado ina akiba ya gari la zimamoto likifunga mpira kwenye haidranti. Ile ya milimita 150 iliyoagizwa kwa kufuata kipenyo cha bomba ni kubwa mara nne, na bei yake nayo imepaa bila sababu.

Laiti hasara ingeishia kwenye bei. Rudi kwenye saa nane usiku: presha ya kuingia imepanda hadi baa 6, tunapunguza 4, mtiririko ni 5. Gawa 5 kwa 2, jibu ni 2.5. Vali yenye uwezo wa 400 inatakiwa kukaa wazi kwa kiasi kisichofika hata asilimia 1 ya uwezo wake. Sahani yake inaning'inia umbali wa unywele kutoka kwenye kiti. Ikisogea kidogo kufungua, presha chini inaruka, kivali cha kuongoza kinastuka na kuifunga, presha inaanguka, kinaifungua tena. Sindano ya geji inacheza huku na huku bila kutulia, na kila mcheza wake ni wimbi linalokimbia bombani hadi kwa vali ya pili, ambayo nayo inaanza kucheza. Watu wa mtaani wanasikia mabomba yakigonga ukutani. Viungio vinalegea, kiwambo kinachoka, na wakati huohuo mwanya mwembamba unakata chuma cha kiti kwa kasi ya maji. Vali imekufa kwa kuwa kubwa.

Hata ile ya milimita 80 inataabika usiku, kwani 2.5 ni sehemu ndogo sana ya 100. Dawa ya kawaida ni kuiwekea mwenzake mdogo kwenye njia ya pembeni ndani ya chemba ileile, kwa mtaa wetu vali ya milimita 50 au hata 40. Ndogo inawekwa kwenye baa 2, kubwa kwenye baa 1.7. Usiku presha iko baa 2, kubwa inaiona imezidi kiasi chake na inakaa imefungwa kabisa, huku ndogo ikifanya kazi peke yake kwa utulivu. Asubuhi ndogo inazidiwa, presha inateleza hadi 1.7, na kubwa inaamka. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, ni tofauti ya robo zamu ya skrubu tu. Faida nyingine ni kwamba fundi anapoifungua kubwa kuisafisha, mtaa haukauki kabisa.

Swali linalofuata ndilo ninalolipa uzito kuliko yote katika mji wa mteremkoni: itakuwaje siku vali itakaposhindwa? Vali za kiwambo zikipasuka mpira, maji yanajaa pande zote mbili na vali inabaki wazi. Kijibomba kinacholeta maji kwenye chumba cha juu kikizibwa na mchanga, matokeo ni yaleyale. Kwa maneno mengine, hitilafu mbili za kawaida kabisa zinaipeleka vali upande wa hatari. Kwenye mtaa wetu, vali ya kwanza ikibaki wazi, kimo cha tangi kinapita moja kwa moja, na nyumba zilizo kwenye mita 950 zinapata baa 10 badala ya 6. Ukifanya hesabu kwa vali ya pili au ya tatu utapata baa 10 hizohizo. Hiyo ndiyo zawadi ya vali zinazofuatana: moja ikianguka, inayofuata inaupokea mzigo, na madhara yanabaki kwenye kipande kimoja. Lakini mabomba ya kipande hicho lazima yawe yamechaguliwa kwa baa 10 pamoja na mshtuko wa maji, si kwa baa 6. Bomba la daraja la baa 10 hapo liko ukingoni. Ningelaza la baa 16, na ningehakikisha kifuko cha vali ya tatu ni cha baa 16 pia, kwa sababu mbili za juu zikianguka pamoja itaamkia baa 14.

Hitilafu hiyo inapaswa kujitangaza. Pembeni mwa kila vali kubwa, upande wa kutokea, hufungwa vali ndogo ya kupumulia inayofunguka presha ikivuka kiasi, kwa mfano baa 3.5 pale ambapo kawaida ni 2. Haiwezi kuokoa mtaa mzima, kwani ni ndogo. Kazi yake ni kumwaga maji kwenye mfereji wa barabarani mahali ambapo kila mpita njia atayaona. Nimeona michoro inayoelekeza maji hayo ndani ya chemba au kwenye mfereji uliofunikwa, na sielewi yanamtangazia nani.

Chemba yenyewe inahitaji vitu vichache na kila kimoja kina sababu. Chujio kabla ya vali, kwa kuwa tundu la kijibomba cha kuongoza ni dogo na mchanga wa masika hausamehi. Geti vali pande zote mbili, ili vali ifunguliwe bila kuondoa maji mlimani kote. Geji pande zote mbili, maana bila hizo hakuna anayejua lolote. Vali ya hewa, hasa miji ambayo maji hutoka kwa mgao: mtaa ukikaa mkavu siku mbili, bomba linajaa hewa, na maji yakirudi hewa hiyo inapita kwenye vali kwa vishindo na kuiyumbisha. Mahali penye mgao ni vema fundi afungulie polepole, geti vali robo zamu kwa mara moja, kwa sababu vali iliyowekwa kwa ustadi haijui kujilinda na bomba tupu linalojazwa kwa pupa.

Geji mbili zinatosha kutambua karibu kila ugonjwa. Funga geti vali ya upande wa kutokea na utazame. Vali nzima itajifunga, na geji iliyo kati ya vali na geti vali itatulia juu kidogo ya baa 2. Ikipanda polepole hadi kulingana na ya kuingia, kiti kimeliwa au kuna uchafu umekaa katikati, na kila usiku mtaa wa chini unakula presha yote ingawa mchana geji inaonyesha vizuri. Jaribio hili ni la dakika chache na linafichua kile ambacho ukaguzi wa saa nne asubuhi hauwezi kukiona. Sindano ikicheza, vali ni kubwa mno au kivali cha kuongoza kinafanya haraka kupita kiasi. Kina skrubu ya kupunguza mwendo, ijaribiwe kwanza kabla ya kulaumu kingine.

Kuna ugonjwa mmoja unaowapotosha hata mafundi wazoefu. Geji ya kutokea inaonyesha baa 5, vali imewekwa kwenye 2, na ukiigusa unaona imefungwa kabisa, haipitishi tone. Fundi anahitimisha imekwama, anaifungua, anaisafisha, hali haibadiliki. Vali haina kosa. Mahali fulani mtu amefungua geti vali ya mpakani kati ya kipande cha juu na cha chini, pengine zamani, kusaidia nyumba chache zilizokuwa hazipati maji. Maji ya juu yanaingia kwa mlango wa nyuma, vali inaona presha imezidi, na inafanya kilichoandikwa kwenye kazi yake: inafunga. Geti vali za mipakani zinapaswa kufungwa, kupakwa rangi tofauti na kuandikwa kwenye ramani, na ufunguo wake usizagae.

Kuhusu uvujaji nitasema kwa kifupi. Presha ikishuka nusu, maji yanayopotea kwenye matundu yaliyopo nayo hupungua kwa karibu nusu, na kwenye mabomba ya plastiki yenye nyufa hupungua zaidi, kwani ufa wenyewe unajikunja. Khayelitsha, jirani na Cape Town, walifunga mfumo mkubwa wa kushusha presha mwaka 2001. Sehemu kubwa ya maji yaliyokuwa yakipotea usiku haikuwa ikipitia mabomba ya mtaani hata kidogo, ila vyoo vya majumbani vilivyochakazwa na presha. Mwenye nyumba wa bondeni anayebadilisha kuelea kwa choo kila mwaka na kulaumu bidhaa za dukani angefanya vizuri kutazama juu mlimani.

Kama unakaa chini kabisa ya mteremko, nunua geji ya baa 0 hadi 16, ifunge kwenye koki ya nje kabla ya kulala, na uisome saa nane usiku wakati hakuna anayetumia maji. Ikisoma chini ya baa 6, huna ugomvi na mtu. Ikisoma 8 au 10, funga kwako vali ndogo ya springi baada ya mita ya maji, kisha peleka namba hiyo, pamoja na saa uliyoisoma, kwa mamlaka ya maji ya eneo lako. Nao, wakiandaa zabuni ya vali, wasiandike kipenyo cha bomba peke yake. Waandike presha ya kuingia maji yakiwa yamesimama, presha ya kutoka, mtiririko wa asubuhi na mtiririko wa saa nane usiku, na wasipokee jibu la mzabuni yeyote ambaye hakuambatanisha hesabu ya hiyo namba ya mwisho.